Kutambua kibodi ya mekanikali, ya membreni na ya gemu kwa picha chache tu

Swali hili haliishi. Mtu ameona kibodi kwenye tangazo la mtandaoni, au rafiki amempigia picha dukani Kariakoo au Luthuli, taa zinawaka rangi zote, na muuzaji ameandika "Gaming Mechanical Keyboard". Anauliza: je, hii kweli ni mekanikali? Picha anayotuma huwa imepigwa kutoka juu, usiku, taa zikiwaka. Picha ya namna hiyo haijibu chochote. Ng'oa kofia ya kitufe kimoja, ipige picha pamoja na pale ilipotoka, kisha geuza kibodi upige mgongo wake. Hapo jibu hupatikana karibu kila mara.

Mwongozo huu ni wa mtu anayenunua kwa picha, hasa kibodi iliyokwisha kutumika. Ukiwa nayo mkononi hatua ni zilezile, ila utakuwa na uhakika zaidi.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Picha ya kofia moja iliyong'olewa na kulazwa kifudifudi, upande wa ndani ukitazama kamera.
- Picha ya shimo lililobaki kwenye kibodi baada ya kofia kutoka, kwa karibu, ikipigwa kwa mshazari kidogo.
- Picha ya mgongo wote, na nyingine ya lebo iliyo mgongoni, maandishi yakisomeka.

Zote zipigwe mchana karibu na dirisha, kibodi ikiwa imechomolewa ili taa zisiwake. Mwanga wa rangi hufuta tofauti unazozitafuta, hasa rangi ya swichi.

Kama kibodi iko kwa muuzaji, mtumie ujumbe ulio wazi. Wauzaji wengi hawakatai, ila hawajui unataka kuona nini. Huu unatosha:

"Habari kaka, naipenda hiyo kibodi. Naomba uichomoe, ung'oe kofia ya F5 tu kwa kuivuta wima, kisha unipigie picha tatu: ndani ya kofia, pale ilipotoka, na mgongo wa kibodi lebo isomeke. Asante sana."

Nimetaja F5 makusudi. Ni kitufe kidogo kisicho na waya wa kusawazisha, ule unaozuia vitufe virefu visiinamie upande mmoja, na hata kikilegea kidogo hakitamsumbua mtu anayeandika. Usimwombe ang'oe spesi, Enter wala Shift. Na kama vitufe ni vyembamba na bapa kama vya laptopu, usimwombe ang'oe chochote. Vitufe hivyo hushikwa na vijiguu vya plastiki vilivyopishana kama mkasi, navyo huvunjika kirahisi. Nenda moja kwa moja kwenye hatua ya 4.

Hatua

1. Tenganisha maswali mawili.

Watu huuliza "ni mekanikali, membreni au ya gemu?" kana kwamba ni aina tatu zinazotengana. Sivyo. Mekanikali na membreni ni majibu ya swali la kwanza: chini ya kitufe kuna nini? Kwenye mekanikali kila kitufe kina swichi yake inayojitegemea, yenye springi ndani. Kwenye membreni vitufe vyote vinakalia shuka moja la raba lenye vikombe vilivyopinduliwa, na chini yake kuna karatasi za plastiki zilizochorwa njia za umeme. Kitufe kikibonyezwa, kikombe cha raba hubonyea na karatasi hugusana.

"Ya gemu" ni jibu la swali jingine: imetengenezwa na kupambwa kwa ajili ya nani? Kibodi ya gemu inaweza kuwa ya mekanikali, na inaweza kuwa ya membreni. Logitech G213, SteelSeries Apex 3 na Corsair K55 ni za gemu, zimetoka kwa kampuni zinazojulikana, na zote ni za membreni. Kwa hiyo neno hilo kwenye tangazo lisikuamulie swali la kwanza.

2. Tazama ndani ya kofia.

Hapa ndipo ushahidi wenye nguvu zaidi ulipo.

Ukiona kijimnara kifupi cha mviringo katikati, chenye tundu la umbo la alama ya kujumlisha (+), kofia hiyo imetengenezwa kwa swichi za mtindo wa Cherry MX. Kampuni ya Cherry ya Ujerumani ilianza kuuza swichi hizo miaka ya 1980, na baadaye viwanda kama Gateron, Kailh na Outemu vikatengeneza zao kwa umbo lilelile. Ndiyo maana kofia za mekanikali nyingi unazokutana nazo leo zina msalaba huo.

Ukiona mguu mrefu wa plastiki uliochomoza kuliko kingo za kofia, wenye vikulabu pembeni au umbo la mstatili, hiyo kwa kawaida ni membreni. Mguu huo huingia ndani ya tundu la kibodi na kusukuma raba moja kwa moja.

Sasa kuwa makini na jambo moja linalowapotosha wengi. Msalaba unaoutafuta ndani ya kofia ni tundu. Baadhi ya kofia za membreni zina mguu wenye umbo la msalaba unaochomoza. Kwenye picha iliyopigwa wima kutoka juu, viwili hivyo hufanana sana. Tafuta kivuli: tundu lina giza katikati ya plastiki, lakini mguu unaochomoza hutupa kivuli chake pembeni. Ukibaki na shaka, omba picha ya mshazari.

3. Tazama pale kofia ilipotoka.

Usiishie kwenye hatua ya 2, hata kama umeona tundu la msalaba. Ziko kibodi za membreni zilizotengenezwa makusudi zipokee kofia za mtindo wa Cherry MX. Cooler Master MasterKeys Lite L ni mfano mmoja: juu ina msalaba, chini ina raba. Kofia peke yake ingekudanganya, lakini shimo halidanganyi.

Kwenye mekanikali ya kweli utaona kisanduku cha mraba kilichopachikwa kwenye bamba. Ni kipande kinachojitegemea, na mstari mwembamba unakitenganisha na bamba pande zote nne. Kisanduku chenyewe kina sehemu ya juu na ya chini zilizobanana kwa vikulabu vidogo. Katikati linachomoza shina lenye msalaba, na mara nyingi rangi ya shina ni tofauti na ya kisanduku. Kuza picha usome ukingo wa juu wa kisanduku. Viwanda vingi huandika jina hapo kwa herufi ndogo sana: CHERRY, GATERON, Kailh, OUTEMU. Kama kibodi ina taa, utaona pia tundu au lenzi ndogo ya taa upande mmoja wa kisanduku, kwa sababu kwenye mekanikali nyingi kila swichi ina taa yake.

Kwenye membreni hakuna kisanduku kinachojitegemea. Utaona bomba la mviringo au la mraba lililomiminwa pamoja na gamba la juu la kibodi, plastiki ileile na rangi ileile, bila mstari wa kuungana. Ndani yake kuna kipande kinachopanda na kushuka, au tundu tupu ambalo ukiliangaza unaona raba nyeupe, ya kijivu au nyeusi. Ukiona raba, umemaliza.

Kama ni mekanikali, rangi ya shina hukuambia inavyobonyea. Kwa desturi iliyoanzia kwa Cherry, nyekundu hushuka laini bila kikwazo, kahawia ina kigingi kidogo unachokihisi katikati, na bluu ina kigingi hicho pamoja na mlio wa "tik". Viwanda vingine hufuata mpangilio huo kwa rangi hizi tatu, lakini zaidi ya hapo kila kimoja kina rangi zake. Usibuni maana ya rangi ya zambarau au ya waridi kabla ya kusoma jina la kiwanda.

4. Soma lebo ya mgongoni.

Tafuta jina la modeli, si maneno ya mapambo. Majina ya biashara yanayokaribiana yanaweza kuficha vitu tofauti kabisa. HyperX Alloy Core RGB ni membreni. HyperX Alloy Origins ni mekanikali. Corsair K55 ni membreni; K70 ni mekanikali. Razer Cynosa ni membreni, BlackWidow si ya membreni, na katikati yake kuna Ornata, ambayo ni membreni iliyoongezewa kipande cha chuma kinacholia. Mtu akikuandikia "HyperX Alloy" bila kumalizia jina, bado hajakuambia kitu.

Kwa kibodi zisizo na jina kubwa, tazama kama lebo imeandikwa "Mechanical Keyboard" au "Gaming Keyboard" tu. Kiwanda kilichoweka swichi za kweli kwa kawaida hakikosi kulitaja neno la kwanza, maana ndilo linalouza. Mara nyingine pia kuna kistika kidogo pembeni kinachotaja rangi ya swichi.

Kama ni ya bluetuthi au ina kipokezi cha USB, tafuta namba inayoanza na "FCC ID". Ukiiandika kwenye hifadhidata ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, mara nyingi utapata picha za ndani ya kibodi hiyo hiyo ikiwa imefunguliwa. Kibodi za waya kwa kawaida hazina namba hiyo, kwa hiyo kukosekana kwake si kasoro.

5. Tazama umbo la mgongo.

Ushahidi huu ni dhaifu, nao hutumika kuthibitisha yale uliyoyaona, au kukusaidia pale picha ya kofia haipatikani.

Kibodi ya membreni inahitaji karatasi zake zibanwe sawasawa kila mahali. Kwa hiyo mgongo wake mara nyingi una skrubu nyingi zilizosambaa, zikiwemo za katikati. Nyingi zina pia vitundu vya kutolea maji yakimwagika. Plastiki yake ni nyembamba, na miguu ya raba ni midogo.

Kwenye mekanikali, swichi zimeshikwa na bamba na saketi ngumu, kwa hiyo skrubu za mgongoni huwa chache, au hazionekani kabisa kwa sababu zimefichwa chini ya kofia au chini ya raba za miguu. Raba zenyewe huwa pana zaidi kwa sababu kibodi ni nzito. Muulize muuzaji aipime hata kwa mizani ya duka la jirani. Kibodi kamili yenye namba upande wa kulia ikiwa karibu na kilo moja au zaidi, inaelekea kuwa mekanikali. Ikiwa karibu nusu kilo, inaelekea kuwa membreni. Lakini membreni ya gemu huweza kuongezewa bamba la chuma ili iwe nzito, na mekanikali ndogo isiyo na namba ni nyepesi. Uzito usikuamulie peke yake.

6. Sasa jibu swali la pili: ni ya gemu?

Hapa huhitaji kung'oa kitu. Tafuta vitufe vya ziada vya kurekodia amri, kitufe cha kufunga alama ya Windows ili mchezo usikatike, herufi W, A, S na D zilizotofautishwa, na vitufe vya kubadili taa. Zikiwepo, ni ya gemu. Sema majibu yote mawili pamoja: "membreni ya gemu" au "mekanikali ya kawaida".

Ukipata picha ya taa zikiwaka, iangalie sasa. Membreni za bei nafuu hutumia taa chache zinazosambaza mwanga chini ya vitufe vyote, hivyo rangi hugawanyika kwa maeneo: kushoto nyekundu, katikati kijani, kulia bluu, na mpaka wa rangi hukatiza katikati ya vitufe. Mekanikali za bei nafuu zina taa chini ya kila kitufe, na mara nyingi kila safu ya mlalo ina rangi yake moja. Herufi za juu ya kofia hung'aa kuliko za chini kwa sababu taa imekaa upande mmoja wa swichi.

Mfano mmoja, mwanzo hadi mwisho

Chukua tangazo la aina inayoonekana sana: "Mechanical feel gaming keyboard RGB, full size, mpya kidogo". Picha ya kwanza inaonyesha vitufe vilivyoinuka juu ya bamba linalong'aa, kama vinaelea. Mnunuzi anafurahi, kwa sababu mekanikali nyingi zina sura hiyo.

Neno "feel" ndilo la kwanza kutilia shaka. Muuzaji wa mekanikali hana haja ya kusema "yenye hisia ya mekanikali".

Anaomba picha. Ndani ya kofia ya F5 kuna tundu la msalaba. Angeishia hapo angelipa. Picha ya pili inaonyesha pale kofia ilipotoka: msalaba mweupe unachomoza kutoka kwenye bomba jeusi la mviringo. Anakuza na kutafuta mstari wa kuungana kati ya bomba na bamba, haupo. Hakuna kisanduku cha mraba, hakuna jina la kiwanda, hakuna tundu la taa. Picha ya tatu ni ya mgongo: skrubu zimesambaa hadi katikati, kuna vitundu vya maji, na lebo imeandikwa "Gaming Keyboard" bila neno jingine. Taa zake kwenye tangazo zimegawanyika maeneo matatu.

Ni membreni ya gemu yenye kofia zinazoingiliana na za Cherry. Huenda ni kibodi nzuri kwa bei ya membreni. Anayoombwa alipe ni bei ya mekanikali, na hapo ana picha ya pili ya kumwonyesha muuzaji wakati wa kupatana.

Makosa yanayorudiwa sana

Kubwa kuliko yote ni kuamua kwa sauti. Muuzaji hutuma video, vitufe vinalia "tak tak", na mnunuzi anasadiki. Kofia ndefu juu ya gamba tupu la plastiki hulia hata kama chini ni raba, na swichi nyekundu zilizopakwa mafuta vizuri zinaweza kuwa kimya kuliko membreni.

La pili ni kukubali picha iliyotoka mtandaoni. Kama mandhari ni meupe kabisa na hakuna hata chembe ya vumbi, hiyo si kibodi utakayopewa. Omba karatasi yenye tarehe ya leo iwekwe kando ya kofia iliyong'olewa.

La tatu ni kung'oa spesi ili kuona vizuri. Ni kweli spesi inaonyesha mengi: kwenye mekanikali ina matundu ya msalaba zaidi ya moja, la katikati likikalia swichi na ya pembeni yakikalia visawazishi. Lakini waya wa kusawazisha ukitoka vibaya, kitufe hurudi kikiwa kimekwama upande mmoja, na utaanza kubishana ni nani aliyeharibu.

Ukikwama

*Ndani ya kofia hakuna msalaba, ila shimoni kuna kisanduku cha swichi.* Amini kisanduku. Swichi fupi za Kailh Choc za kwanza hutumia kofia yenye vijiguu viwili vidogo bapa. Kibodi za zamani zenye swichi za Alps hutumia kofia yenye mguu mmoja wa mstatili. Logitech G413 ya mwaka 2017 ina swichi za Romer-G, ambazo shina lake lina uwazi katikati wa kupitisha mwanga. Zote ni mekanikali.

*Kuna kisanduku na msalaba, lakini lebo inasema "optical".* Swichi hiyo ina springi na hubonyea kama mekanikali, ila inatambua kubonyezwa kwa mwale wa mwanga badala ya vyuma kugusana. Wanunuzi wengi huiweka kundi la mekanikali. Kumbuka tu kwamba swichi za kawaida haziwezi kuchukua nafasi yake ikiharibika.

*Muuzaji anasema kofia hazitoki.* Kofia za vitufe virefu hutoka kwa kuvutwa wima kwa kitanzi cha waya mwembamba pande mbili. Akikataa kabisa, omba picha ya pembeni, kamera ikiwa usawa wa meza na kitufe cha karibu kikiwa kimebonyezwa hadi chini. Kwenye kibodi za vitufe vinavyoelea, visanduku vya swichi vya nyuma yake vitaonekana, pamoja na mistari yake ya kuungana.

*Vitufe vimezama ndani ya gamba na pembeni hapaonekani kitu.* Rudi kwenye jina la modeli. Litafute pamoja na neno "teardown" au "switch", utazame picha za watu waliokwisha kuifungua.

*Lebo imefutika na hakuna kofia iliyong'olewa.* Hapo huna ushahidi. Toa ofa ya bei ya membreni, au nenda uione kwa macho ukiwa na kitanzi chako cha waya mfukoni.